Kadi ya Matendo ya Mwinjilisti Gachanja

Pikipiki iliacha lami nyuma ya soko la Njoro, ikaingia katikati ya mashamba ya ngano, na hapo ndipo Mwinjilisti Gachanja alipotambua kwamba hajui tena aliko. Maisha yake yote alikuwa ameishi upande wa pili wa mji wa Nakuru, kule Bahati, ambako shamba ni kipande cha mahindi na viazi, na ukisimama mlangoni pako unaona moshi wa jikoni kwa jirani. Huku ngano ilienda tu, ikapanda kilima, ikashukia upande mwingine. Hapakuwa na ua wala mtu.

"Boss, ni kanisa gani haswa?" kijana wa pikipiki aliuliza bila kugeuza shingo. "Huku makanisa ni mengi kushinda maduka."

"Lile lenye paa la kijani. Kuna masomo ya Biblia leo."

"Aaa, kwa Mwalimu Jelagat! Mzee, si ungesema hivyo tukiwa bado stejini? Nimekuzungusha bure."

Gachanja alicheka. Siku hiyo aliamka na moyo mwepesi. Alikuwa anasomea cheti cha uchungaji katika chuo kidogo cha Biblia, chuo kisicho na majengo yake, chenye wanafunzi waliotawanyika Bahati, Njoro na Free Area, wanaokutana Jumamosi katika kumbi za makanisa. Wengi wao walikuwa watu wazima ambao tayari walihubiri na kuzika na kufungisha ndoa, na waliouogopa mtihani wa muhula kuliko walivyomwogopa shetani. Mtihani ulikuwa na karatasi mbili: Vitabu vya Musa, na Huduma ya Uchungaji. Kwa ajili ya karatasi hizo Mwalimu Jelagat alibuni mchezo wa kurudia masomo, na safari hii aliwachanganya wanafunzi wa vituo vyote ili, kama alivyoandika kwenye kundi la WhatsApp, "asiwepo mtu wa kumwegemea jirani yake wa kila siku."

Kwa siku sita, ukiacha saa za masomo, Gachanja aliuza chakula cha kuku na dawa za mifugo katika duka dogo pale Bahati, na siku ya saba aliwalisha watu wa kanisa lake. Babu yake alikuja kwenye shamba la mzungu akiwa kibarua wa pareto. Baba yake akapata ekari mbili za shamba lile lile lilipogawanywa. Yeye mwenyewe akapata duka, na akapata kitu kingine ambacho hakukisomea, yaani sikio. Watu walimwambia mambo. Mama angekuja kununua chakula cha vifaranga, asimame na mfuko mkononi, na kabla hajatoka awe ameshamweleza ugonjwa wa mumewe. Gachanja alijua kusikiliza bila kuangalia saa. Alijua pia, na hili halikuzungumzwa sana, kusimulia vizuri kile alichokisikia.

Ndiyo maana kadi yake ilisifiwa. Kila mwanafunzi alitakiwa kumtumia Mwalimu kadi mbili za matendo, yaani visa vya kweli vya kanisani, bila majina, ambavyo mchungaji anaweza kukutana navyo. Kadi ya kwanza ya Gachanja ilikuwa ya kawaida, juu ya waimbaji wawili wanaogombania kipaza sauti. Ya pili ndiyo iliyomfanya Mwalimu Jelagat ampigie simu. "Mwinjilisti, hii ni bora kuliko zote nilizoletewa," alisema. "Nimeisoma mara mbili. Naiweka kwenye kila seti." Gachanja alitembea na sifa hiyo wiki nzima kama mtu aliyevaa koti jipya.

Ukumbi ulikuwa wa mabati, wenye sakafu ya saruji iliyofagiliwa vizuri. Meza zilipangwa mbali mbali, kila moja na watu wake wanne na kipande cha kadibodi katikati. Mwalimu Jelagat, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kutosha ukumbi mzima, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibu Njoro, Mwinjilisti. Wewe uko meza ile ya dirishani, na Pasta Micah, na Kiprotich, na dada yetu mmoja wa kituo cha hapa. Mtaelewana."

Gachanja aliangalia dirishani. Dada yule wa kituo cha hapa alikuwa amempa mgongo, anapanga vifuniko vya soda juu ya ubao. Kisha akageuka, na alikuwa Mama Abby.

Mama Abby wa Bahati. Kiongozi wa maombi ya akina mama katika kanisa lake Gachanja mwenyewe. Kwa wiki nyingi Jumamosi alikuwa akisema anakuja Njoro kumsaidia dada yake kukamua na kupeleka maziwa, na hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu mtu aliyefiwa na mtoto huachwa aende anakotaka.

"Mama A—" alianza.

"Naitwa Wamaitha," alisema yeye haraka, akimpa mkono. Kisha kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu, akamwambia kwamba hapa hakuna anayemjua kama mama wa mtu yeyote, na amwache hivyo. "Nilitaka nikuambie baada ya mtihani. Nilitaka kwanza nione kama nitaweza."

"Ni vizuri," Gachanja alisema. "Ni vizuri sana." Na wakati anasema hivyo, jasho lilikuwa limeanza kumtoka chini ya kola, kwa sababu kadi ya pili ilikuwa inamhusu yeye, Mama Abby.

Ilikuwa hivi. Miezi michache nyuma, alipokwenda kumtembelea nyumbani, Wamaitha alimwambia kitu ambacho hata mumewe hakukijua. Tangu Abby afe, hakuweza kuomba. Alisimama mbele ya akina mama kila Jumapili, akafungua maombi, na watu wote walipoanza kuomba pamoja kwa sauti, yeye alisogeza midomo akitaja vituo vya barabarani kutoka Bahati hadi mjini. Maili Kumi. Maili Sita. Mpaka watu waseme amina. Gachanja alimshika mkono akamwambia aendelee kuongoza, kwamba Mungu hupokea hata midomo, na ikifika siku maneno yatarudi. Wamaitha alilia, akamshukuru. Huko nyuma alikuwa akilala bila usingizi, alisema, na sasa angalau mtu mmoja anajua.

Wakati wa kuandika kadi, Gachanja alijiambia kwamba anamficha. Binti akawa mvulana. Homa ikawa ajali. Lakini vile vituo vya barabarani hakuvigusa, kwa sababu vile ndivyo vilivyoifanya kadi iwe nzuri. Na kilichomchoma sasa, akivuta kiti, ni kwamba hilo alilijua hata wakati ule.

Angeweza kunyanyuka hapo hapo akamwambia Mwalimu aiondoe. Mwalimu alikuwa hatua chache tu kutoka pale alipo. Lakini angeanzaje? Na kadi za Matendo, zile za manjano, zilikuwa nyingi, rundo zima, na muda wa asubuhi haukutosha kuzimaliza. Huenda isitokee. Akakaa.

"Haya, tuanze, wazee wangu," alisema Kiprotich, kijana mfuga ng'ombe aliyekuwa akihubiri kwenye mikutano ya vijana, mwenye meno yaliyojitokeza kila mara kwa kicheko. "Mimi ni kifuniko cha Fanta. Pasta, wewe chukua kile cheusi, kinafanana na suti yako."

"Na wewe kinafanana na tabia yako, maji ya sukari tu," alijibu Pasta Micah, ambaye alikuwa na kanisa la watu wachache na sauti ya watu wengi huko Free Area.

Ubao ulichorwa kwa mkono, njia ya miraba arobaini kutoka Misri hadi Kanaani. Ukirusha dadu ukaangukia mraba wa kijani, jirani yako wa kushoto anachukua kadi ya Maandiko na kukusomea swali. Jibu limeandikwa chini ya kadi pamoja na sura na mstari, na ni yeye peke yake anayeliona. Ukipata, unasonga mbele miraba miwili. Ukikosa, unarudi miwili. Mwenye shaka na kadi yenyewe anasema "Nafungua," anafungua Biblia, na Biblia ikimuunga mkono, miraba ile ni yake. Ukiangukia mraba wa manjano, unasomewa kadi ya Matendo. Hiyo haina jibu. Unaeleza ungefanya nini na andiko gani linakuongoza, halafu wale wengine watatu wanahukumu kwa kidole gumba, juu au chini, wote kwa pamoja. Gumba mbili zikiwa juu, unakwenda mbele mitatu. Na ukiangukia Kadeshi, unakaa zamu moja bila kucheza, kama walivyokaa wao.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Wamaitha alimsomea Pasta Micah: "Waisraeli walipofika Elimu walikuta nini?"

"Maji," alisema Micah.

"Pasta, kila mahali walikuwa wanatafuta maji," alisema Kiprotich. "Taja hesabu."

"Chemchemi kumi na mbili. Na mitende... mitende sabini."

"Ni kweli," alisema Wamaitha. "Kutoka kumi na tano, ishirini na saba."

Gachanja alipofikiwa, Micah alimuuliza ni nani walioishikilia mikono ya Musa katika vita vya Amaleki. Swali la watoto. Alikuwa amelihubiri mara nyingi. "Haruni na Yoshua," alisema.

Kiprotich akapasuka kwa kicheko. "Wueh! Na nani alikuwa anapigana huko bondeni, mzee? Yoshua alikuwa na mwili mara mbili?"

"Ni Haruni na Huri," alisema Micah kwa upole wa mtu anayefurahia. "Rudi miwili, Mwinjilisti. Leo Bahati imelala."

Wamaitha alimtupia jicho la huruma. Huruma hiyo ilimuumiza kuliko kicheko. Alirudisha kifuniko chake nyuma, lakini macho yake yalikuwa kwenye rundo la manjano. Kadi ya kwanza ya manjano ilitoka kwa Kiprotich: mzee wa kanisa anayekuja ibadani akinuka pombe. Haikuwa hiyo. Ya pili ilimwangukia Wamaitha, na ilikuwa ya familia inayotaka marehemu azikwe na kanisa wakati hakukanyaga kanisani miaka kumi. Alijibu taratibu, akasema kwamba mazishi ni ya walio hai, na gumba tatu zikaenda juu. "Huyu dada anafaa," alisema Micah. "Anaongea kama mtu aliyekaa na wafiwa." Wamaitha alitazama dirishani.

Ya tatu ilikuwa kadi ya wale waimbaji wawili na kipaza sauti, kadi yake mwenyewe ile ya kwanza, na Gachanja alihisi damu ikimrudia usoni kana kwamba hatari imepita. Akaanza hata kutania. Akamwambia Kiprotich kwamba ng'ombe wake wanajua Hesabu kuliko yeye.

Kisha Micah alirusha dadu, akahesabu miraba kwa kidole kinene, akatua kwenye manjano. Wamaitha, aliyekaa kushoto kwake, akanyoosha mkono akachukua kadi ya juu.

"Mama mmoja anaongoza maombi kanisani kwenu," alisoma kwa sauti yake safi ya kuongoza. "Alifiwa na mtoto wake wa kiume katika ajali. Tangu siku hiyo hawezi kuomba."

Akasita. Gachanja aliona macho yake yakitangulia chini ya kadi.

"Endelea, dada," alisema Micah.

"Watu wote wanapoomba kwa sauti, yeye husogeza midomo na kutaja vituo vya barabarani, kutoka kwake hadi mjini, mpaka watu waseme amina." Sauti ilikuwa ile ile. Ilibaki safi, ila sasa alisoma neno moja moja, kama mtu anayepita kwenye matope akiangalia pa kukanyaga. "Hakuna anayejua ila wewe. Je, utamwacha aendelee kuongoza? Toa sababu mbili na andiko moja."

Kiprotich alikuwa ameshaanza kucheka. "Ati vituo! Aki huyo mama ni kondakta wa maombi! 'Wa Free Area, shuka hapa! Amina, beba beba!'"

Gachanja alikitazama kifuniko chake juu ya ubao. Alijua jambo moja ambalo halikuwa kwenye kadi. Siku ile walipomkimbiza Abby hospitalini mjini, mtoto alikuwa amelala mapajani mwa mama yake kwenye gari la jirani, macho amefumba, akiuliza kila mara wamefika wapi. Na mama alimjibu kwa jina la kila mahali walipopita. Baada ya Maili Sita mtoto aliacha kuuliza. Mama aliendelea kumjibu hadi mwisho wa safari.

"Tusicheze na hili," Micah alikuwa akisema, amekunja mikono kifuani. "Mimi namtoa. Simchukii, lakini namtoa. Sababu ya kwanza, madhabahu si mahali pa kuigiza. Sababu ya pili, akina mama wanamfuata mtu ambaye haendi popote. Andiko, Isaya ishirini na tisa, kumi na tatu: watu wanaomkaribia Mungu kwa midomo na mioyo yao iko mbali. Mfano ni huyo huyo. Akae chini mpaka apone."

"Eh, Pasta, hiyo umeipiga katikati," alisema Kiprotich. "Haya, gumba. Moja, mbili, tatu."

Gumba la Kiprotich lilikuwa juu. Na la Gachanja lilikuwa juu pia.

Baadaye alijaribu kujieleza mwenyewe jinsi mkono ule ulivyonyanyuka. Aliogopa kwamba likienda chini wataomba sababu, na sababu yake ingekuwa maneno yale yale aliyomwambia Wamaitha nyumbani kwake, kwa mpangilio ule ule. Aliogopa kwamba Micah, mwenye andiko, angemshinda. Alikuwa tayari amekosea kuhusu Yoshua. Alitaka tu kadi ile ipite. Haya yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia.

Wamaitha alikuwa hajanyanyua mkono. Alilitazama gumba la Gachanja, akalitazama kwa muda, kama mtu anayesoma saa ya mbali. Kisha akanyanyua la kwake juu.

"Zote tatu," alisema. "Pasta, songa mbele mitatu."

Mwalimu Jelagat alipiga makofi kutangaza chai.

Gachanja alimkuta Wamaitha nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji, ameshika kikombe ambacho hakunywa. Upepo ulikuwa ukiilaza ngano na kuiinua tena.

"Mama Abby."

"Kwa hiyo leo mimi ni Mama Abby," alisema. "Kwenye kadi nilikuwa mama wa mvulana."

"Nilitaka kukuficha."

"Ulinificha wapi, Mwinjilisti? Mume wangu akisoma ile kadi, atajiuliza ni nani?"

Gachanja alijaribu kujitetea. Akasema, "Sikujua utakuwa hapa."

"Naona." Alitikisa kichwa polepole. "Ningekuwa sipo, ingekuwa sawa. Wangecheka na mimi niko Bahati napika."

"Sikumaanisha wacheke."

"Kiprotich ni mtoto, simlaumu. Amesikia kitu cha kuchekesha akacheka. Uliandika vizuri." Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililomfanya Gachanja ainamishe kichwa. "Nataka nikuulize kitu kimoja tu, na unijibu kama mchungaji wangu. Ulipokaa kwenye kochi langu uliniambia niendelee. Leo gumba lako limesema nitolewe. Lako ni lipi?"

Ndani ya ukumbi mtu alikuwa akigongesha vikombe. Gachanja alitafuta jibu ambalo lingekuwa la kweli na pia la kumpendeza, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake yote hakulipata.

"Lile la kochini niliamini nilipolisema," alisema. "La leo niliogopa."

"Kwa hiyo nilikuwa nasimama mbele za watu kila Jumapili juu ya neno la mtu anayeogopa Pasta Micah."

"Mama Abby, nisamehe."

"Nitakusamehe. Hiyo haina shida, tumefundishwa." Akamwaga chai kwenye nyasi. "Lakini sikuja huku kutafuta cheti. Nilikuja kutafuta kama yale maneno yanaweza kurudi nikiwa mahali ambapo hakuna anayeniangalia midomo. Wiki iliyopita nilikuwa nimeanza. Usiku, kwa dada yangu. Sentensi mbili."

Wakati huo, kupitia dirisha lililo wazi, kicheko kilitoka kwenye meza nyingine, ambako watu hawakwenda chai. Mwanamume mmoja alikuwa akisoma kwa sauti ya kutangaza: "...na kutaja vituo vya barabarani..." Na mwingine akapaza: "Rongai, Salgaa, haleluya!"

Wamaitha alimgeukia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na mshangao mtupu. "Ziko ngapi?"

"Kila seti," alisema Gachanja. "Mwalimu aliipenda."

Alimwacha pale akaingia ndani karibu akikimbia. Alimvuta Mwalimu Jelagat kando, karibu na ubao mweusi, akamwambia kwa kunong'ona kwamba kadi ile aiondoe, kwamba mtu alimwambia kwa siri, kwamba hakuomba ruhusa. Mwalimu alimsikiliza. Uso wake ulibadilika taratibu, ukawa wa mtu aliyekula kitu kisha akaambiwa kimetoka wapi.

"Nilisema visa vya kweli," alisema. "Sikusema siri za watu. Mwinjilisti, hiyo ni wiki ya kwanza ya kozi. Hilo ndilo somo la kwanza kabisa."

"Najua, Mwalimu."

"Najua unajua. Ndiyo maana nashangaa." Akashusha pumzi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kunyoosha mambo palepale, akageuka na kusema kwa ile sauti yake ya ukumbi mzima: "Jamani, samahani! Kwenye Matendo, ile kadi ya mama wa maombi na vituo, naomba mtoe kwenye rundo. Msiijadili tena, na msiipige picha. Isahauliwe."

Gachanja alifumba macho. Kisha aliusikia ule mnong'ono alioujua vizuri, alioutawala kwa miaka mingi kwenye kanisa lake, mnong'ono wa watu wanaopata kitu.

"Kwa nini itolewe?" aliuliza mtu.

"Kumbe ni ya ukweli!" alisema mwingine. "Kuna mama kweli anafanya hivyo!"

"Ni wa kituo gani?"

"Kadi za visa zilitoka Bahati nyingi..."

Mpaka hapo ilikuwa mfano, kitu cha kuchekesha ambacho wangekisahau kabla ya kufika stejini. Sasa ilikuwa habari. Pasta Micah alikuwa ameinua kichwa, akitazama meza moja baada ya nyingine kwa utaratibu, anahesabu akina mama. Kiprotich hakuangalia meza nyingine. Alikuwa akikitazama kiti cha Wamaitha kilicho wazi, na mkono wake ulikuwa mdomoni.

Wamaitha aliingia. Bila shaka alisikia yote. Dirisha lilikuwa wazi. Alikwenda mezani kwake bila haraka, akachukua Biblia yake na sweta, akafungua mkoba, akafunga.

"Mama, unaenda?" Kiprotich aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi... yale maneno ya kondakta, mama, mimi nilikuwa tu..."

"Najua, mtoto wangu. Nenda ukanywe chai."

"Lakini mtihani ni Jumamosi ijayo," alisema Micah. "Dada, wewe ndiye uliyekuwa unatushinda. Umeshapita Kadeshi."

"Nimekumbuka nina kazi kwa dada yangu, Pasta. Wakamuaji wameondoka."

Gachanja alimfuata hadi nje, hatua chache nyuma yake, kama mtu anayesindikiza mgeni ambaye hakumwalika. Alitaka ageuke na amtukane. Mtu akikutukana unakuwa na kitu cha kubeba. Wamaitha alisimama kando ya barabara ya murram, akainua mkono kwa pikipiki iliyokuwa ikija kwa mbali na vumbi lake.

"Kesho nitakwenda kanisani nikatangaze," Gachanja alisema. "Niwaambie nimefanya nini."

"Utawaambia nini? Kwamba kuna siri, na ulitoa siri?" Alivaa sweta, akafunga kifungo kimoja kimoja. "Umeshatangaza mara mbili leo. Acha."

"Basi niambie nifanye nini."

Alifikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiri anapoulizwa. "Jumapili utafute mwingine wa kuongoza akina mama. Sema ninaumwa. Na usinitembelee, Mwinjilisti. Mtu akija nyumbani kwangu nataka niwe najua kwamba amekuja kunywa chai."

Pikipiki ilisimama. Ilikuwa ya kijana yule yule wa asubuhi, naye akamsalimu Gachanja kwa furaha, "Mzee! Umeshamaliza kusoma?" Gachanja akasema bado. Wamaitha alipanda, akakaa upande, akashika Biblia mapajani kwa mikono yote miwili, na pikipiki ikaingia katikati ya ngano. Kwa kitambo kirefu alionekana, kwa kuwa huko hakuna cha kumficha mtu. Kisha barabara ikashuka kilima naye akashuka nayo.

Gachanja angependa kuondoka pia. Lakini Mwalimu Jelagat alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri, na hakumfokea. Alimwambia tu apite kwenye kila meza akusanye kadi ile kwa mkono wake mwenyewe, amletee zote, kisha arudi kumaliza zamu zake na wenzake, kwa kuwa meza ya watatu haichezeki vizuri ikibaki na wawili.

Akaingia ndani. Kwenye meza ya kwanza walimpa kadi bila kumtazama. Kwenye ya pili mwanamke mmoja alimwuliza kwa upole kama anamjua huyo mama, na anaendeleaje. "Naomba kadi tu, dada," alisema Gachanja, akanyoosha mkono.